Ramani ya Mzee na Njia ya Miguu ya Entarara

Mwaka jana tulimzika ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, huko Entarara, upande wa Loitokitok, kaunti ya Kajiado. Alikwenda huko akiwa kijana kuuza nguo, akaoa kwa Wamaasai, akajenga, na huko ndiko ajali yake ilikomkuta. Habari zilitufikia Mombasa baada ya Isha. Usiku uo huo tukapanga safari, watu 14 katika matatu moja, tukapita Voi na Taveta, tukapanda barabara ya Rombo. Mama yangu alikuwa mbele karibu na dereva. Alitaka jambo moja tu, amuone mwana wa ndugu yake kabla hajafunikwa.

Tulishuka barabarani kama saa tano asubuhi. Maziko yalikuwa baada ya Adhuhuri. Kutoka hapo hadi nyumbani ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na gari haliendi kwa sababu kuna korongo kati. Bodaboda zilikuwepo mbili, lakini waendeshaji hawakuijua nyumba. Tulichokuwa nacho ni picha iliyotumwa kwa simu: ramani aliyochora mkwe wa marehemu, mzee wa Kimaasai, kwa kalamu ya wino nyuma ya karatasi ya kalenda. Ilikuwa na mlima, msikiti, mashine ya kusaga, mfereji, mti, korongo na nyumba. Hakikukosekana kitu. Tukapotea karibu saa mbili, na tulipofika udongo ulikuwa umekwisha kurudishwa.

Mama hakunilaumu. Lakini ile ramani nilikaa nayo, na nilipoambiwa kwamba khitma ya arobaini itasomwa huko huko na watu watakuja wengi zaidi, wakiwemo wazee, nikaona safari hii sitampa mtu picha. Nitaandika maneno. Leo nataka nieleze nilivyofanya, maana wengi wetu tuna jamaa mahali ambapo simu inakuonyesha barabara kuu kisha inakuachia karatasi nyeupe.

Kwanza nieleze tulivyopotea, kwa sababu kosa lilikuwa letu na karatasi haikuwa na hatia. Mzee alichora akiwa amekaa kwake, uso ameuelekeza mlimani, kama anavyokaa kila asubuhi. Kwa hiyo Kilimanjaro ilikuwa juu ya karatasi, barabara na steji chini ya mlima, na nyumba yake chini kabisa ya ukurasa, karibu na kifua chake. Kwake hilo ndilo la kawaida. Sasa mgeni anashuka steji, yaani anaanzia juu ya karatasi, naye anatembea kuteremka kuelekea chini. Kwenye mfereji mstari wa njia ulikata kwenda upande wa kushoto wa karatasi. Tukasema, "Kushoto!" na wote 14 tukashika mkono wa kushoto.

Ndugu msomaji, shika karatasi mbele yako ujaribu. Mtu anayetembea kwenye karatasi akija kwako, mkono wake wa kushoto uko upande wako wa kulia, kama mtu aliyesimama mbele yako mkatazamana. Kushoto kwa mzee ilikuwa kulia kwetu. Kila kona tuliyoisoma baada ya hapo tuliisoma kinyume. Na kwa kuwa njia za ng'ombe ziko kila mahali, kila tulipopinda tulikuta njia, tukadhani tumepatia.

Kwa hivyo kazi ya kwanza, kabla ya kuandika neno lolote, ni kuilaza ramani chini na kuizungusha mpaka ilingane na ardhi. Ramani za vitabuni huweka kaskazini juu. Ramani ya mkono haina sheria hiyo. Juu ya karatasi ni kule mchoraji alikokuwa akitazama, au kile anachokiona kikubwa. Utajuaje? Tafuta ndani ya mchoro kitu kimoja ambacho mwelekeo wake unaujua bila kuuliza.

Mimi nilikipata pale ambapo Muislamu yeyote angekipata. Mzee aliuchora ule msikiti mdogo wa mabati kama kiboksi, na upande mmoja akatia kinundu kidogo, mihrabu. Sisi wa Mombasa twajua kibla chetu ni kaskazini karibu kamili. Wazee wetu wa baharini walilitumia neno kibla lenyewe kwa maana ya kaskazini. Kule Loitokitok nako ni hivyo hivyo, kaskazini na kupinda mashariki kidogo sana, nyuzi kama 5. Kwa hiyo kinundu cha mihrabu ni sindano ya dira. Kwenye karatasi ya mzee kilitazama pembe ya chini, upande wa kulia. Nikaizungusha karatasi mpaka kinundu kikaelekea kaskazini, na mara mlima ukaenda kukaa kusini magharibi, mahali pake hasa ukiwa upande huo. Vitu viwili vikikubaliana namna hiyo, umeipata. Kikikubali kimoja kingine kikakataa, mchoro umepotoka mahali, usiandike bado.

Jambo la pili ni urefu. Kwenye ule mchoro, kutoka mti hadi nyumbani palikuwa nusu ya karatasi, na kutoka mfereji hadi mti palikuwa upana wa vidole viwili. Nilipokwenda kupima kwa miguu nikakuta ni kinyume: kipande cha vidole viwili ndicho kirefu kuliko vyote. Mtu huchora kwa upana pale anapopajua sana, penye boma la jirani, zizi, kaburi la babu. Pale pasipo na cha kusimulia hupapita kwa mstari mfupi. Usichukue rula ukapima ramani ya mkono. Kinachoaminika ndani yake ni mpangilio: kipi kinatangulia kipi, na kipi kiko upande gani wa njia. Urefu utautafuta kwingine.

Jambo hili lina mfano wake mkubwa katika historia ya pwani yetu. Mwaka 1854 mmisionari Mjerumani Jakob Erhardt alikaa Tanga akiwauliza wafanyabiashara wa misafara habari za bara. Wengi walimwambia kwamba njia zao zinaishia kwenye ziwa kubwa. Yeye na mwenzake Rebmann wakachora ramani, ikachapishwa Ulaya, na mwaka 1856 ikawa gumzo London: katikati ya Afrika pamekaa ziwa moja la kutisha, limelala kama konokono asiye na nyumba. Wenye misafara hawakuwa wamedanganya. Walikuwa wakisema maziwa tofauti, Nyanza, Tanganyika na Nyasa, kila mmoja la kwake. Mpangilio wa vituo vyao ulikuwa sawa. Aliyekosea ni aliyeunganisha mistari.

Basi siku ya pili baada ya maziko, kabla hatujaondoka, nilimuomba mzee tutembee pamoja. Kama huwezi kutembea, piga simu, lakini uliza vizuri. Nilipomuuliza, "Mzee, kutoka steji mpaka hapa ni mbali?" alinijibu, "Hapo tu, mwanangu." Hakunificha kitu; kwake ni hapo tu. Nilipobadilisha nikauliza, "Ukitoka mlangoni kwenda steji, kitu cha kwanza unachokipita ni kipi, kiko mkono gani?" akatiririka kama maji. Yeye njia yake ni ya kutoka nyumbani, ndiyo anayoitembea kichwani. Mwache aitoe kwa mpangilio wake, kisha geuza wewe.

Nilihesabu dakika na hatua. Mtu mzima kwenye njia ya kawaida huenda kilomita 4 hadi 5 kwa saa, kwa hiyo dakika 10 ni kama mita 700 au 800. Hatua zangu nilizipima zamani pembeni mwa kiwanja cha mpira, ambacho urefu wake ni kama mita 100: mimi huenda hatua 135. Lakini katika kuandika niliziweka dakika nyuma ya alama, si mbele yake. Ukimwambia mtu "tembea dakika tisa kisha pinda," mama yangu atapinda kabla hajafika na kijana atakuwa ameshapita. Ukimwambia "tembea mpaka mkuyu, ni kama dakika tisa," dakika zinamsaidia kujua lini aanze kutazama, basi.

Kuhusu alama zenyewe, nilikataa nyingi za mzee. Alikuwa na "pale ng'ombe wa fulani hulala" na "shamba la mahindi". Ng'ombe huhama, na mahindi huvunwa ukabaki uwanja mtupu. Lori bovu lililokuwa barabarani nililikataa pia. Nilishika mfereji, kalvati, mkuyu, korongo na uzio. Hata mlima niliufikiria mara mbili. Kilimanjaro asubuhi na jioni unaonekana wote, lakini mchana mawingu huufunika usijue kama pana mlima, na siku ile tuliposhuka saa tano palikuwa na weupe mtupu. Kwa hiyo kila nilipoandika "mlima mgongoni" niliongeza alama ya miguu: ardhi inateremka. Mteremko haufunikwi na wingu.

Kila hatua niliijenga kwa vitu vitatu: uko wapi na umeelekea wapi, fanya nini, mpaka uone nini. Kitendo kimoja kwa kila hatua. Mahali penye hatari ya kukosea niliongeza cha nne, ishara ya kwamba umekosea. Haya ndiyo maandishi yaliyotoka:

1. Ukishuka steji, simama mlima ukiwa mgongoni. Kama mlima hauonekani, simama ardhi ikiteremka mbele yako. Msikiti wa mabati uwe mkono wako wa kushoto. Kama uko kulia, umegeuka vibaya.

2. Shika njia ya gari inayoteremka, ipitayo mbele ya mashine ya kusaga. Nenda moja kwa moja mpaka mfereji wa maji uliojengwa kwa simiti. Ni kama dakika 6.

3. Vuka mfereji juu ya kalvati. Hapo hapo njia inagawanyika. Ya kushoto ni pana, iache. Pinda KULIA, ushike ile nyembamba. Umepatia kama mfereji sasa uko mkono wako wa kulia na maji yanakwenda unakokwenda.

4. Fuata mfereji mpaka mkuyu mkubwa ulio mkono wa kushoto. Ni kama dakika 9. Kabla ya mkuyu kuna vijia viwili vya kushoto, vipite. Ukifika tangi la maji jeusi, umeupita mkuyu, rudi.

5. Kwenye mkuyu pinda KUSHOTO, uteremke. Mlima unarudi mgongoni. Nenda mpaka korongo la mchanga. Ni kama dakika 5.

6. Korongo likiwa kavu, vuka. Likiwa na maji, hata ya kifundoni, usivuke. Kaa upande huo upige simu.

7. Ukipanda ng'ambo utakuta uzio wa miiba. Uzio ukae mkono wako wa kushoto, ufuate mpaka unapoishia. Nyumba ya paa la buluu iliyo mbele yako ndiyo. Ni kama dakika 4.

Hatua ya sita iliniletea ubishi na vijana wetu, wakasema naogopesha watu. Korongo la chini ya mlima si kama mto wa kwetu unaojaa taratibu. Mvua inaweza kunyesha juu huko, chini jua likiwaka, na maji yakaja kwa ghafla yamebeba mawe na magogo. Mzee alinionyesha mstari wa takataka ukutani mwa korongo, juu ya kichwa changu. Mstari huo haukuwemo kwenye ramani yake, kwa sababu yeye hahitaji kukumbushwa. Hayo ndiyo mambo ya kuuliza kwa mdomo: ni lini njia hii haipitiki?

Zile hatua nilidhani zimekamilika, nikazijaribu kwa namna moja ambayo naisihi kwa kila mtu. Nilimpa binti wa kaka yangu, wa miaka 15, ambaye siku ya maziko hakuja. Tulikwenda naye siku mbili kabla ya khitma. Nikamwambia asome na aongoze, mimi nitakuwa nyuma bila kusema neno, wala kwa jicho. Alikwama mara mbili. Mara ya kwanza kwenye kalvati, kwa sababu nilikuwa nimeandika "baada ya mfereji pinda kulia", naye akapinda kulia kabla ya kuvuka, kijia kikampeleka nyuma ya mashine ya kusaga. Ndipo nikaandika "Vuka mfereji juu ya kalvati. Hapo hapo." Mara ya pili alisimama chini ya mti mwingine mkubwa akauliza, "Ammi, mkuyu ni upi?" Mtoto wa mjini hajui mkuyu. Nikaongeza kwa mkono: gome jeupe kijivu, tunda dogo limeota shinani, mkono wa kushoto.

Kilichobaki ni njia ya kurudi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Watu hudhani kurudi ni kusoma orodha kutoka chini kwenda juu na kubadilisha kulia kuwa kushoto. Hilo lafanya kazi kwa kona. Halifanyi kazi kwa njia panda, kwa sababu njia panda za kwenda si njia panda za kurudi. Kati ya mkuyu na korongo kuna njia ya ng'ombe inayoungana na yetu ikitokea nyuma, upande wa kulia. Ukienda huioni, inakuja nyuma ya bega lako, hushughuliki nayo. Ukirudi, inasimama mbele yako kama panda kamili, matawi mawili sawasawa, na la kushoto ndilo limekanyagwa zaidi. Jioni tunarudi kutoka maziko, watu watano wetu walilishika hilo, tukaja kuwapata gizani kwa kupiga mbinja.

Kwa hiyo karatasi ya kurudi niliiandika upya, kwa kuitembea. Ina hatua mbili ambazo ile ya kwenda haina. Moja: "Ukipanda kutoka korongo, njia ikigawanyika shika ya KULIA." Nyingine ni kwenye kalvati: ukitoka kwenye mkuyu mfereji ukiwa kushoto, ile njia pana tuliyoikataa asubuhi sasa iko mbele yako moja kwa moja, na miguu yataka kuendelea nayo. Nikaandika: "Ukifika kalvati usiendelee mbele. Pinda KUSHOTO, vuka mfereji, panda kuelekea mashine ya kusaga."

Siku ya khitma nilichapisha karatasi 20, kwenda upande mmoja na kurudi upande wa pili, herufi kubwa kwa ajili ya macho ya wazee. Ramani ya mzee niliiweka juu ya ukurasa, lakini nimeigeuza, steji iko chini na nyumba iko juu, ili anayeenda aone kulia kwake kuwa kulia. Mzee aliitazama sana. "Umenipindulia mlima," alisema, kisha akacheka.

Mama alitangulia na yule binti. Sikuwa nao, nilibaki nyuma kushusha mchele na sufuria. Saa nne kasoro robo alinipigia simu kutoka kwenye mkuyu kuniambia kwamba dakika tisa zangu ni za vijana, yeye amehesabu kumi na sita, na kwamba lile tunda halijaota shinani tu, limepanda mpaka kwenye matawi. Nikaandika marekebisho yote mawili.

Karatasi hiyo bado iko nyumbani kwa mjane, imebandikwa nyuma ya mlango. Mwezi uliopita mzee alinipigia. Mwenye mashine ya kusaga amehamia ng'ambo ya barabara, na pale pake pamekuwa duka la mbolea. Nitume nyingine.